Uniti Kumi na Mbili za Kibaoni

Ijumaa ile Fredrick aliamka kabla ya jogoo, akatoka uani kuliangalia gari lake. Lilikuwa limelala kwenye chaja usiku kucha na betri ilikuwa imejaa pomoni. Akachomoa waya, akauviringisha vizuri, akaurudisha nyuma ya gari pamoja na chaja yake ya kubebeka, kipande kirefu cha waya mnene na mfuko wa plagi za kila aina. Alikuwa fundi umeme, mkazi wa Ilembo mjini Mpanda, na safari hii aliipanga kama anavyopanga kazi ya nyumba mpya: waya wote juu ya karatasi kwanza, nyundo baadaye.

Safari yenyewe ilikuwa ya Sumbawanga. Dada yake wa pekee, Lucia, alikuwa anaweka nadhiri za daima Jumamosi saa nne asubuhi, na katika shirika lao mzazi ndiye anayemshika binti yake mkono na kumpeleka mbele ya altare. Baba yao alishafariki. Alibaki mama, na mama yao, Skolastika, kwa miaka yote ambayo Lucia alikuwa utawani hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Alikuwa akisema amezaa mtoto mmoja wa kike, na hawezi kwenda kumtazama akilazwa chini kifudifudi kama maiti huku watu wanaimba. Mwezi huo ndipo alipolegea. Alikubali kwenda, kwa sharti moja tu: apelekwe na mwanawe, si basi wala gari la mtu mwingine.

Fredrick alikubali haraka, na kukubali kwenyewe kulikuwa na majivuno kidogo. Gari lile dogo la umeme alilinunua likiwa limetumika Japani, likashushwa Dar, likaletwa Mpanda juu ya lori. Mjini alikuwa amechoka kuchekwa. Vijana wa bodaboda wa Kawajense walimwita Bwana Plagi. Kufika nalo Sumbawanga, tena na mama yake kiti cha mbele, kungewafunga midomo.

Lakini hakuwa mjinga. Betri ilipokuwa mpya ilibeba uniti arobaini. Kwa uzee wake sasa ilibeba thelathini na nne. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa themanini, gari lilikula uniti kumi na tano kila kilomita mia. Sumbawanga ni karibu kilomita mia mbili na arobaini na tano, na kibaya zaidi, mwisho wake ni kupanda: kutoka bonde la Mpimbwe hadi juu kwa Wafipa ni mita kama mia tisa za kwenda juu, na kila mita ya kupanda hulipwa na betri. Alikuwa na programu ya kupanga safari kwenye simu. Alipoiandikia Mpanda na Sumbawanga ilimjibu kwamba njia nzima haina kituo hata kimoja cha kuchajia. Basi akakiweka yeye mwenyewe. Akabonyeza ramani pale Kibaoni, kilomita kama mia kutoka nyumbani, akaandika kwamba pana chaja ya kilowati sita, akaiambia programu asifike mwisho akiwa na chini ya uniti tatu za akiba. Programu ikafikiri, ikamjibu: simama Kibaoni saa mbili, ongeza uniti kumi na mbili, endelea.

Hiyo chaja ya Kibaoni ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga ya Celestin. Fredrick ndiye aliyemfungia umeme wa fezi tatu, na Jumapili moja alipita pale kupima. Volti zilikuwa safi kabisa, mia mbili na thelathini. Celestin alimwambia aje siku yoyote.

Kwa hiyo mpango ulikuwa kuondoka Mpanda saa mbili asubuhi, kuchaji mpaka mchana, na kufika Sumbawanga jua likiwa bado juu. Mke wake, Hana, mama wa binti yao Joséline, alikuwa ameshafunga vitenge na kuku wa zawadi. Gari lilikuwa tayari. Mama hakuwepo.

Walimtafuta chumbani, wakamtafuta jikoni. Jirani akasema amemwona akielekea shambani na jembe. Fredrick alimfuata kwa miguu, akamkuta anapalilia mihogo ambayo haikuwa na jani moja la magugu. Hakumgombeza. Alimwambia tu muda umekwenda, na mama akamjibu kwamba anamalizia tuta moja. Alimaliza lile, akaanza jingine. Saa sita alirudi nyumbani kuoga, kisha akasema kitambaa chake cha kichwani hakijapigwa pasi, kisha akasema ana njaa. Hana alimvuta mumewe pembeni, akamsihi amwache, kwamba mtu hapeleki mtoto wake mahali pa namna ile kama anavyopeleka mahindi mashineni. Fredrick alimwacha, lakini kila alipotazama saa aliona zile saa mbili za Kibaoni zikiliwa kama mlango unavyoliwa na mchwa.

Waliondoka alasiri. Walipoingia mbugani baada ya Sitalike, mbung'o waliwavamia, wakalazimika kufunga vioo vyote na kuwasha kiyoyozi, na Fredrick akatazama matumizi ya umeme yakipanda taratibu kwenye kioo cha dashibodi. Mama alikuwa akisali rozari. Mara moja tu aliuliza kama gari limezimika, maana halina sauti. Walifika Kibaoni giza likianza kuingia, betri ikiwa na uniti kumi na nane, na mji mzima ulikuwa hauna umeme. Upepo wa jioni ulikuwa umeangusha nguzo.

Fredrick alisimama katikati ya uwanja wa mashine, chaja mkononi, kama mtu aliyebeba ndoo kwenda kwenye kisima kilichokauka. Celestin, mwanamume mnene mwenye pumba kwenye nyusi, alimpa pole na kumwambia mafundi wameshakwenda kwenye nguzo. Hapakuwa na la kufanya. Walilala nyumba ya wageni, au tuseme Hana na mama walilala. Fredrick alijigeuzageuza akipiga hesabu ileile. Zimebaki kilomita mia moja arobaini na tano. Lami inataka uniti ishirini na mbili. Mlima unataka tano na nusu. Jumla ishirini na saba na nusu, na akiba juu yake. Yeye ana kumi na nane. Aliihesabu kwa njia za kila aina, na kila mara ilitoka ileile.

Umeme ulirudi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Alikimbia mashineni akiwa na shati mkononi. Aliunga waya wake kwenye swichi kubwa, akapima, volti mia mbili na thelathini kama siku ile. Akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, na kioo cha gari kikaandika kilowati sita. Alipiga hesabu hapohapo: wakiondoka saa mbili, atakuwa ameongeza uniti tisa. Kumi na nane na tisa, ishirini na saba. Hazitoshi, lakini akipunguza mwendo kidogo kwenye tambarare, atafika na betri imekwisha kabisa, lakini atafika. Alimpigia Lucia, akamwambia wako njiani. Huo ulikuwa uongo, ila aliamini kwamba baada ya saa moja na nusu ungekuwa kweli.

Saa moja wanawake walianza kufika na mpunga. Wengine kwa baiskeli, wengine na mkokoteni wa ng'ombe. Walikuwa wamekosa umeme tangu jana na foleni ikawa ndefu. Celestin alikuja akamgusa bega.

"Fundi, nawasha."

Fredrick akasema sawa, kwa sababu hakufikiri. Mota ikaguna, ikanguruma, vumbi la pumba likaruka, na chaja yake ikalia mlio mmoja mfupi, taa ikawa nyekundu. Akapima. Volti mia moja na sabini na tano. Waya wa kutoka kwenye transfoma ulikuwa mrefu na mwembamba, na mota ikianza kuvuta, hakuna kinachobaki. Chaja iliona umeme haufai, ikajikata ili isiunguze gari. Ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

Aliketi juu ya gunia. Alikuwa amepima Jumapili. Jumapili mashine imelala. Fundi wa miaka yote hiyo, anayewagombeza wateja wake wanaonunua friji bila kuuliza waya wao unabeba nini, alikuwa amepima umeme usio na mzigo, akauandika kwenye ramani kama umeme wenye mzigo. Hakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo lilimuudhi kuliko kama angekuwa naye. Kisha akakumbuka mihogo isiyo na magugu, akapata wa kumlaumu, na hasira ikawa mbili.

Alirudisha chaja kwenye kipimo cha chini kabisa, ampea kumi, na kwa namna hiyo volti hazikuanguka zaidi na chaja ikakubali kushika, ikikatika, ikishika tena. Kilowati mbili. Ni sawa na kujaza pipa kwa kikombe cha chai. Alimwomba Celestin asimamishe mashine kwa saa moja tu. Celestin alimwonyesha foleni kwa kidevu. Akasema wale akina mama wametoka mbali, wana watoto hawajala tangu jana, naye atawaambia nini, kwamba gari linakunywa kwanza? Fredrick akarudi kwenye chaja yake.

Saa mbili kasorobo Hana alikuja na mama, wote wamevaa, mama na kitambaa chake kilichopigwa pasi. Mama aliuliza kama wanaondoka. Fredrick akawaambia wasubiri kidogo, akazunguka nyuma ya gari, akajifanya anakagua matairi.

Betri ilikuwa na uniti ishirini na mbili na nusu. Alipima kila njia. Akiacha mizigo na kuku? Uzito ule si kitu, haufiki hata nusu uniti mlima mzima. Akizima kiyoyozi? Atapata uniti moja na ushei. Akienda mwendo wa hamsini? Hapo kweli, upepo ungepungua na gari lingekula kama kumi na moja na nusu kwa kilomita mia. Angefika juu na betri tupu, pengine. Lakini kwa hamsini angefika saa tano, na altare haimsubiri mtu. Na akienda kwa themanini, angezimikia mlimani, baada ya kijiji cha Kizi, mahali ambapo hata mbuzi hasimami kupumzika.

Hana alikuwa amemfuata. Alitazama taa ya chaja, akamtazama usoni.

"Baba Joséline, tunafika au hatufiki?"

Alitaka kusema tunafika. Neno lilikuwa mdomoni. Zaidi ya kufika alitaka asionekane ameshindwa, maana alijua kabisa kwamba vijana wa Kawajense wangeipata habari hii kabla hajarudi.

"Hatufiki," akasema.

Barabarani kulikuwa na Noah inayoelekea Sumbawanga, imesimama kununua maji. Hana alikwenda kuongea na dereva, akarudi na jibu kwamba zipo nafasi mbili, lakini anaondoka sasa hivi. Ikabaki kumwambia mama.

Mama alisikiliza akiwa amesimama wima, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Fredrick alipomaliza kueleza, uso wa mama haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi Mungu amesema," mama akajibu. "Nilisema nitakwenda nikipelekwa na wewe. Wewe huwezi. Turudi nyumbani."

"Mama, siyo Mungu. Ni waya mwembamba na hesabu yangu mbovu."

"Nyie vijana mna majina mengi ya Mungu."

Dereva wa Noah alipiga honi. Zile saa zote, mihogo, pasi, mbung'o, nguzo, volti, vilimjaa Fredrick kifuani, akaongea kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya mama yake.

"Jana umenimalizia muda kwa kupalilia shamba safi. Nilikuona. Sikusema. Sasa nasema. Lucia amesimama mlangoni huko anakuangalia barabarani, na wewe unatafuta gari bovu la kujifichia. Usijifiche kwenye gari langu, mama. Panda."

Wanawake wa foleni walikuwa wamegeuka kutazama. Hana alitazama chini. Mama alimkodolea macho mwanawe, na Fredrick akadhani atapigwa kofi hapo mbele za watu, na angelistahili. Lakini mama aligeuka, akavuka barabara kwa hatua fupi za haraka, akapanda Noah bila kumsubiri Hana. Hakuaga. Hana alikimbia nyuma yake na wale kuku, na gari likaondoka.

Fredrick akabaki na chaja yake ya kilowati mbili.

Ni shida kueleza uchovu wa kusubiri betri kwa mtu aliyezoea kituo cha mafuta. Namba inapanda moja, unatembea, unarudi, iko palepale. Alihamisha gari kivulini. Aligombana kwa simu na programu yenyewe, maana iliendelea kumwonyesha kwamba Kibaoni pana kilowati sita, mpaka alipoifuta namba hiyo kwa ghadhabu na kuandika mbili. Ikamjibu kwamba atafika jioni. Lucia alipiga mara mbili. Mara ya kwanza Fredrick hakupokea, ya pili alipokea akamwambia mama anakuja, mimi sitawahi. Lucia akauliza kama mama analia. Akasema hajui. Lucia akakata, na Fredrick hakujua kama amekasirika au ameitwa.

Ikafika saa nne ya nadhiri, ikapita. Wakati fulani baadaye simu ikaita tena, ni Hana, kwa video. Picha ilikuwa vipandevipande. Aliona mapaa, migongo ya watu, kisha kitu cheupe kinachotembea, na kando yake kitambaa cha kichwani alichokitambua kwa mistari ya pasi. Walikuwa wameshikana mikono. Sauti hakuisikia hata kidogo, mashine ilikuwa inanguruma mgongoni kwake. Alibana simu sikioni, akaziba sikio jingine, akahama huku na huku kama kuku aliyekosa kiota. Picha ikakwama, ikarudi. Lucia alikuwa amelala chini kifudifudi.

Celestin alikuwa akimtazama. Aliuliza ni nini, na Fredrick, bila nguvu ya kueleza, akamgeuzia tu simu. Celestin alitazama kwa muda. Kisha akaenda kwenye swichi, akaishusha.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Katika kimya hicho, kutoka kwenye kile kisimu, ikatoka sauti nyembamba ya kwaya ikiimba litania, jina moja la mtakatifu baada ya jingine. Mwanamke mmoja kwenye foleni, aliyekaa juu ya gunia lake, akaitikia, utuombee. Kisha mwingine. Kufikia majina ya katikati, uwanja mzima wa mashine ulikuwa unaitikia, wakiwa wamekaa na ungo zao na watoto mgongoni, na hakuna aliyeuliza ni nani huyo aliyelala chini. Fredrick alijaribu kuitikia akashindwa. Nyuma yake chaja ilikuwa imewasha kijani, na safari hii haikukatika.

Mtandao ukakata kabla litania haijaisha. Celestin alisubiri kidogo, kana kwamba ingerudi, halafu akawatazama wateja wake. Yule mwanamke wa kwanza akasema mchele haukimbii, waache kwanza gari la huyu ndugu linywe. Si wote waliokubali. Bibi mmoja mwenye baiskeli alinung'unika kwamba yeye ana safari ya mbali kuliko Sumbawanga, na alikuwa na haki. Wakapatana: mashine ipumzike kwa muda wa kupika wali, si zaidi. Fredrick alipandisha chaja mpaka mwisho, akasimama kuitazama namba ikipanda, akiona aibu na akishukuru, na bado akiwa na hasira. Kitu alichokiomba asubuhi kwa adabu yote amepewa sasa, wakati hakina tena kazi ile aliyokitakia.

Alipanda mlima mchana, taratibu, kioo wazi, peke yake. Betri ilishuka mlimani kama alivyohesabu, karibu kabisa, na hilo nalo halikumfurahisha. Alipoingia nyumba ya masista mjini Sumbawanga, sherehe ilikuwa imefika kwenye kukusanya viti. Lucia alimkimbilia na pete mpya kidoleni, akamkumbatia, akamwambia ananuka pumba. Macho yake yalionyesha alikuwa amelia, lakini machozi yalishakauka zamani.

Mama alikuwa ameketi katikati ya masista wawili wazee, sahani ya nyama mapajani. Fredrick alipiga goti kumwamkia. Alipanga kuomba radhi kwa maneno ya asubuhi, akaanza, mama akamkatiza kwa kumsogezea sahani.

"Kula. Ulipokuwa unanifokea hukuwa umekula."

Alikula. Baadaye alimweleza mama kwamba kurudi ni rahisi zaidi, kwa sababu ni kuteremka, na gari likiteremka linajirudishia umeme kidogo, kwa hiyo akichaji usiku huu kwa masista watafika Kibaoni na akiba nyingi, na Kibaoni safari hii atalala hukohuko achaji usiku, mashine ikiwa imezimwa. Alieleza mpaka mwisho. Mama alisikiliza mpaka mwisho pia, akitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsikiliza mtoto akihadithia ndoto.

Kisha akamwambia kwamba atabaki wiki moja na Lucia, na akimaliza, atarudi kwa basi.